Kusikiliza Kwanza, Kuhesabu Baadaye: Mwongozo wa Kupanga Utafiti wa Wafanyabiashara wa Soko, Korogwe na Handeni

Ingia soko la mjini Korogwe asubuhi, umuulize mama anayeuza nyanya kama ana mkopo. Atakwambia hana. Utaweka alama kwenye "Hapana" na kusogea meza ya pili. Lakini matenga matatu yaliyo mbele yake bado hajayalipia. Ameyapokea alfajiri kwa mtu aliyeshusha mzigo kutoka milima ya Lushoto, na wamekubaliana amlipe jioni akishauza. Mama hajakudanganya. Kwake mkopo ni ule wa benki, wa kikoba, au wa wale jamaa wa "kausha damu". Huu wa nyanya ni mali kauli: mali imetolewa kwa neno la mdomo.

Sasa fikiria umewauliza watu 200 swali hilohilo. Utapata jedwali safi na asilimia zenye nukta, na jibu litakuwa na kosa mara 200.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako mwanafunzi wa shahada unayeandaa pendekezo la utafiti kuhusu wafanyabiashara wa masoko ya Korogwe na Handeni, na msimamizi amekuuliza: "Utatumia mkabala gani?" Nitaifuata mada moja mwanzo hadi mwisho, yaani hiyo mali kauli, ili uone kila hatua ikifanyika.

Mikabala miwili inajibu maswali mawili

Utafiti wa kitakwimu, ambao baadhi ya walimu huuita wa kiidadi, unajibu "wangapi", "kiasi gani" na "kundi lipi zaidi". Unahitaji watu wengi, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, wakiulizwa maswali yaleyale kwa maneno yaleyale. Nguvu yake ni kwamba ukiwauliza watu wachache unaweza kusema jambo kuhusu soko zima.

Utafiti wa maelezo, ambao wengine huuita wa kitaamuli, unajibu "jambo hili hufanyikaje", "lina maana gani kwa wanaolifanya" na "kwa nini wanachagua hivi". Unahitaji watu wachache waliochaguliwa kwa makusudi, na muda mrefu na kila mmoja. Nguvu yake ni kukuonyesha mambo ambayo hukujua kuwa yapo, na kwa hiyo usingeweza kuyaulizia.

Andika swali lako la utafiti kwenye karatasi kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha lilinganishe na haya:

- *Ni sehemu gani ya wafanyabiashara wa soko hili walipokea mali kauli wiki iliyopita?* Hili ni la kitakwimu.
- *Je, mali kauli inatumika zaidi Korogwe kuliko Handeni?* La kitakwimu pia, na ni gumu zaidi kuliko la kwanza. Tutaona sababu.
- *Nani hupewa mali kauli na nani hunyimwa, na nani hubeba hasara nyanya zikioza?* La maelezo.
- *Kwa nini mtu mwenye akiba kwenye kikoba bado anachukua mali kauli?* La maelezo.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye mapendekezo ya wanafunzi ni kuandika kichwa chenye neno "athari" au "mchango", kisha kuchagua dodoso kwa sababu linaonekana la kisayansi zaidi. Dodoso lina kazi yake, ila haliwezi kuuliza jambo ambalo mwandishi wake halijui.

Mfano mkubwa ulitokea Ghana. Katika miaka ya 1960 Keith Hart, mtafiti Mwingereza, aliishi Nima, mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Accra, miongoni mwa wahamiaji kutoka kaskazini mwa nchi. Takwimu za ajira hazikuwa na nafasi ya kuwaweka watu wale, kwa hiyo walionekana kama hawana kazi. Hart alikaa nao, akafuata pesa zao zilivyoingia na kutoka, akaona wachuuzi, mafundi, wakopeshaji na madalali. Makala yake ilichapishwa mwaka 1973, na dhana ya sekta isiyo rasmi ilikuwa tayari imeingia kwenye ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972. Baada ya hapo ndipo nchi nyingi zilipoanza kuihesabu sekta hiyo. Kilichoanza ni kusikiliza.

Na hapohapo Handeni pana mfano wa karibu zaidi. Mwanahistoria James Giblin alikusanya masimulizi ya wazee wa Handeni na kuyasoma pamoja na nyaraka za kikoloni. Katika kitabu chake cha mwaka 1992 alieleza jinsi uhusiano wa wenye mali na watu waliowategemea ulivyosaidia kaya kuvuka njaa, na jinsi utawala wa kikoloni ulivyouvunja uhusiano huo. Ukiandika sura ya mapitio ya maandiko kuhusu kuaminiana na madeni katika eneo hili, anza na kazi hiyo.

Lijue soko kabla ya kuchagua sampuli

Korogwe na Handeni ni majirani, lakini masoko yao hayafanani, na tofauti hiyo inagusa mpango wako moja kwa moja. Korogwe mjini pako kwenye barabara kuu inayotoka Segera kwenda Moshi na Arusha. Pana wauzaji wa soko, na pana wachuuzi wanaowauzia abiria kupitia madirisha ya mabasi. Mombo, njia panda ya kupanda Lushoto, panapokea mboga na matunda ya milimani. Handeni mjini, eneo la Chanika, pako nje ya barabara kuu. Biashara yake imefungamana zaidi na mahindi na mazao ya vijiji vinavyouzunguka mji, pamoja na mifugo inayopelekwa minadani.

Halafu kuna siku. Siku ya kawaida soko lina wenye vizimba na meza zao. Siku ya gulio wanaingia watu wa kutoka mbali, wanatandaza turubai chini, wanauza, na jioni wanaondoka. Ukikusanya data zako zote siku za kawaida umewaacha hawa wote nje. Ukizikusanya siku ya gulio pekee, wenye vizimba watakuwa na wateja wengi kiasi kwamba hawatakujibu.

Kuna msimu pia. Mahindi ya masika yanapoingia sokoni, mauzo na madeni hubadilika. Kama chuo kimekupa wiki sita, huwezi kuwa na misimu miwili. Andika wazi kwenye ripoti kwamba matokeo ni ya miezi fulani, na uulize angalau swali moja kuhusu msimu mwingine.

> Angalia: halmashauri ni nne
> Korogwe ina Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya. Handeni nayo vilevile. Mombo haipo chini ya Mji wa Korogwe; Mkata, Kabuku na Segera hazipo chini ya Mji wa Handeni. Barua iliyoelekezwa kwa Mkurugenzi wa Mji haikufungulii soko la wilaya. Amua masoko yako kabla ya kuomba barua.

Hatua za sehemu ya kwanza: kusikiliza

Kwa mada ya mali kauli napendekeza uanze na maelezo, kisha uende kwenye takwimu. Mpangilio huu unakula muda, lakini unaliokoa dodoso lako.

1. Kaa sokoni siku mbili bila kuuliza chochote kikubwa. Siku moja ya kawaida na moja ya gulio. Jitambulishe ofisi ya soko, nunua kitu, angalia. Mzigo unafika saa ngapi? Nani anaupokea? Pesa inabadilishana mikono wakati huo, au inaandikwa tu kwenye daftari? Andika kila jioni, siku hiyohiyo.

2. Chagua watu 12 hadi 15 kwa tofauti zao. Usichukue wale wachangamfu tu. Hakikisha una wauza mboga, wauza nafaka na wauza nguo. Wenye kizimba na wa chini. Wanawake na wanaume. Waliodumu miaka mingi na walioanza mwaka huu. Weka pia wawili au watatu wanaotoa mali, yaani wenye mizigo na madalali. Uhusiano una pande mbili, na wanafunzi wengi husahau upande wa mtoaji.

3. Anza na mzigo, sio na mtu. Swali "una changamoto gani za mtaji?" litakupa jibu lililozoeleka: mtaji mdogo, ushuru mkubwa, serikali itusaidie. Badala yake sema: "Mama, naomba unisimulie hizi nyanya zilivyofika hapa mezani, kuanzia jana." Kisha fuata: Ulimjuaje huyo aliyekuletea? Ilikuwaje mara ya kwanza akakuamini? Siku ambayo haziishi unamwambia nini? Bei anayokupa ni sawa na ya mwenye pesa mkononi?

4. Subiri mteja. Mteja akija, nyamaza na usogee pembeni. Mazungumzo ya dakika 40 yanaweza kuchukua saa mbili. Nenda saa za mchana zilizopoa, kabla ya wateja wa jioni.

5. Acha kuongeza watu pale ambapo wapya hawakuletei jambo jipya. Utafiti wa Guest, Bunce na Johnson wa mwaka 2006, uliotumia mahojiano 60 ya Ghana na Nigeria, ulikuta kwamba mada nyingi zilikuwa zimeshajitokeza katika mahojiano 12 ya kwanza. Lakini wahojiwa wao walifanana sana. Wewe una masoko mawili na bidhaa tofauti, hivyo usiinukuu 12 kama sheria. Weka daftari la "jambo jipya": baada ya kila mahojiano andika umejifunza nini ambacho hukukijua. Mahojiano matatu mfululizo yasipoongeza kitu, umefika.

Kuhusu majadiliano ya vikundi: kwa mada hii yatumie kwa tahadhari. Wauzaji wa soko moja ni washindani. Hakuna atakayeeleza mbele ya wenzake kwamba mwezi uliopita alishindwa kumlipa mwenye mzigo. Kikundi kinafaa kwa kueleza kanuni za jumla, kama vile hasara ya nyanya zilizooza hugawanywaje. Habari za mtu binafsi ziulize mkiwa wawili.

Kutoka kwenye maneno hadi kwenye swali la dodoso

Hii ndiyo sehemu inayorukwa zaidi, nami nataka tukae hapa kidogo.

Chukua daftari lako na usome kila mahojiano mara mbili. Pembeni mwa kila kipande andika neno fupi la kukitambulisha. Tuchukulie muuzaji amekueleza kwamba mwenye mzigo humpa bei ya juu kidogo kuliko mwenye pesa taslimu, kwamba zikioza hupunguziwa kama atatoa taarifa mapema, na kwamba hawezi kununua kwa mtu mwingine hata kama bei ni nzuri kwa sababu anaona aibu. Hapo una alama tatu: *bei ya kauli*, *hasara ya kugawana*, *kufungwa na uhusiano*. Pitia mahojiano mengine uone kama alama hizo zinarudi, na hasa mahali zinapokataa. Muuza nguo, ambaye mali yake haiozi, huenda akawa na kanuni nyingine kabisa. Hiyo tofauti ni matokeo, usiifute ili picha ipendeze.

Sasa geuza kila alama kuwa swali linaloweza kujibiwa kwa tukio, si kwa maoni.

Swali baya: *"Je, una mkopo?"*
Swali bora: *"Katika siku saba zilizopita, ulipokea mali yoyote ambayo ulitakiwa kuilipia baada ya kuiuza?"*

Swali baya: *"Mali kauli inakusaidia. Nakubali sana / Nakubali / Sina uhakika / Sikubali / Sikubali kabisa."*
Swali bora: *"Mzigo wa mwisho uliopokea kwa kauli, tenga moja uliwekewa shilingi ngapi? Siku hiyo, aliyelipa taslimu aliuziwa shilingi ngapi?"*

Vipimo vya "nakubali sana" vina hatari yake sokoni. Mtu mwenye heshima kwa mgeni, tena mwenye haraka, atakubali kila sentensi utakayomsomea. Utajua yamekukuta ukiweka sentensi mbili zinazopingana na mtu yuleyule akazikubali zote.

Na swali baya kuliko yote: *"Mauzo yako kwa mwaka ni shilingi ngapi?"* Kwanza, wengi hawaweki hesabu ya mwaka; mtaji na matumizi ya nyumbani vimo kwenye mkoba mmoja. Pili, swali hilo lina historia. Desemba 2018 serikali ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayakuzidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Mtu aliyewahi kuulizwa hivyo na afisa hatakupa namba wewe mwenye karatasi na kalamu bila kujiuliza umetumwa na nani. Uliza ya jana: matenga mangapi uliyafungua, mangapi yamebaki, fungu moja uliuza bei gani. Hesabu ufanye mwenyewe.

Angalia vipimo pia. Sado, debe, fungu, tenga na gunia havina ukubwa mmoja, na lumbesa huongeza mzigo bila kuongeza jina la gunia. Beba mzani mdogo, upime mafungu matano na sado tano katika kila soko. Usipofanya hivyo, tofauti ya "bei" kati ya Korogwe na Handeni inaweza kuwa tofauti ya ukubwa wa fungu.

Jaribu dodoso kwa watu 10 wa soko ambalo halimo kwenye utafiti wako. Watu watatu wakikuuliza "una maana gani?" kwenye swali moja, liandike upya.

Hatua za sehemu ya pili: kuhesabu

Kila kitu kinategemea orodha. Ofisi ya soko ina orodha ya wenye vizimba na meza, na wakusanya ushuru wana kumbukumbu zao. Chukua hiyo, ushukuru, halafu usiiamini peke yake. Haina mama wa chini aliyekuja leo, haina kijana anayezunguka na beseni kichwani, na kizimba kimoja kinaweza kuwa na wauzaji wawili waliokodishana.

1. Chora ramani ya soko kwa mkono: milango, safu, eneo la chini, stendi.
2. Pita safu kwa safu ukimpa kila muuzaji namba. Huhitaji jina. Andika bidhaa, mahali, na kama yupo kwenye kizimba au chini.
3. Rudia siku ya gulio na uongeze wageni kwenye orodha yao tofauti.
4. Sasa ndipo una N, yaani jumla ya wafanyabiashara.

Wanafunzi wengi hukimbilia fomula ya Taro Yamane, iliyotoka kwenye kitabu chake cha takwimu cha mwaka 1967:

```
n = N / (1 + N × e²)
```

Hapa n ni sampuli, N ni jumla, na e ni kiwango cha makosa unachokubali, kwa kawaida 0.05. Tuifanyie kazi kwa namba za mazoezi. Zako utazipata kwa kuhesabu. Tuseme umeorodhesha wauzaji 240 Korogwe na 160 Handeni, jumla 400.

```
n = 400 / (1 + 400 × 0.0025) = 400 / 2 = 200
```

Ukigawa kwa uwiano unapata 120 Korogwe na 80 Handeni. Kila soko unachukua mmoja kati ya wawili: rusha sarafu kuamua unaanza na namba 1 au namba 2, kisha ruka mmoja hadi mwisho wa orodha.

Tuseme 60 kati ya 120 wa Korogwe wamepokea mali kauli wiki hiyo, na 30 kati ya 80 wa Handeni. Kwa jumla ni 90 kati ya 200, sawa na 45%. Kwa makosa ya 5%, unaweza kusema ukweli wa masoko yote mawili kwa pamoja uko kati ya 40% na 50%.

Hapa ndipo watu huteleza. Yale makosa ya 5% ni ya watu 200 kwa pamoja. Kwa Korogwe peke yake ni kama 6.5%, na kwa Handeni peke yake ni karibu 8%. Unapolinganisha miji miwili, makosa ya pande zote mbili yanaungana, na tofauti inabidi ifike takriban pointi 10 ndipo uthubutu kuitaja. Katika mfano wetu ni 50% dhidi ya 37.5%, yaani pointi 12.5, na imevuka kidogo tu. Kama Handeni wangekuwa 34 badala ya 30, wangefika 42.5%, na usingeruhusiwa kuandika kwamba Korogwe wanatumia zaidi. Ukitaka kuwagawa tena kwa jinsia na bidhaa, vikundi vitakuwa vidogo kiasi cha kutosema kitu. Ndiyo maana swali la kulinganisha ni gumu kuliko la kuhesabu, na ndiyo maana linahitaji kuamuliwa kabla ya kukokotoa sampuli.

Fomula hiyo pia inadhani umechagua kwa bahati nasibu. Ukiikokotoa ukapata 200, halafu ukawauliza 200 wa kwanza waliokubali, ile 5% haina maana tena. Afadhali watu 100 waliotoka kwenye orodha kuliko 200 waliotoka kwenye tabasamu.

> Muuzaji uliyemchagua hayupo?
> Usichukue jirani yake. Rudi mara mbili, saa tofauti na siku tofauti. Asiyepatikana huenda ndiye aliyefuata mzigo, au anayemkwepa anayemdai; na ndiyo habari unayoitafuta. Andika idadi ya waliokosekana na waliokataa, na uitaje kwenye ripoti.

Kuhusu muda: ukiwa peke yako, panga dodoso 8 hadi 10 kwa siku. Kwa watu 200 hizo ni wiki tatu hadi nne za kazi. Kama huna wiki hizo, punguza swali, libakie soko moja.

Unapochambua

Usiweke asilimia kwenye mahojiano 15. "Asilimia 60 ya wahojiwa" hapo ni watu tisa uliowachagua wewe mwenyewe kwa makusudi. Andika "wengi wa niliozungumza nao", kisha eleza nani na kwa nini.

Upande wa takwimu, jihadhari na neno "husababisha". Ukikuta wanaochukua mali kauli wana meza ndogo, hujui kama mali kauli imewabana au kama wenye meza ndogo hawana njia nyingine. Dodoso la siku moja halijui kilichotangulia. Rudi kwenye mahojiano: pengine watu watatu walikueleza walivyoanza, na hapo una dalili, ingawa si uthibitisho.

Na matokeo ya pande mbili yakigongana, furahi. Kama mahojiano yalionyesha kila mtu anapewa bei ya juu kwa kauli, lakini dodoso linaonyesha nusu wanapewa bei ileile ya taslimu, rudi sokoni na watu wawili au watatu uwaulize. Huenda waliodumu na mwenye mzigo mmoja miaka mingi hawaongezewi bei.

Ruhusa na siri

Utaratibu wa kawaida kwa mwanafunzi wa chuo cha Tanzania ni barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Tanga, kisha wilaya na Mkurugenzi wa halmashauri husika, kisha mtendaji wa kata, kisha ofisi ya soko. Anza mapema, kwa sababu kila meza ina siku zake. Kama si raia, utahitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia.

Ofisi ikikupa mtu wa kukutembeza, mshukuru kwa kukutambulisha, lakini usifanye mahojiano naye akiwa amesimama hapo. Akiwa ni mkusanya ushuru, majibu yote yatabadilika. Mwambie kila muuzaji kwa maneno yako mwenyewe kwamba hutoki mamlaka ya mapato wala halmashauri, kwamba anaweza kukataa, na kwamba hutaleta mkopo wala msaada. Hilo la mwisho lisahaulike kidogo tu na utakuta watu wamejiandikisha wakisubiri pesa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kwa upande wako maana yake ni hii: omba ridhaa, kusanya kile tu unachohitaji, kihifadhi salama. Karatasi yenye namba za wauzaji ikae mbali na madodoso. Katika ripoti usiandike "mwanamke pekee anayeuza dagaa mlango wa mashariki", kwa maana kila mtu sokoni atamjua.

Kabla ya kumpelekea msimamizi, weka alama:

☐ Swali langu ni moja, na nimeandika kama ni la "wangapi" au la "hufanyikaje".
☐ Nimetaja masoko kwa majina na halmashauri zake.
☐ Mpango una siku ya kawaida na siku ya gulio.
☐ Nimeweka watoa mali, si wapokeaji peke yao.
☐ Orodha nitaitengeneza kwa kutembea, sio kwa daftari la ushuru pekee.
☐ Kama nalinganisha miji, nimekokotoa makosa ya kila mji.
☐ Kila swali la dodoso linauliza tukio lenye siku yake.
☐ Nimetenga siku za kurudi kwa wasiopatikana.

Na ukimaliza, usiondoke moja kwa moja kwenda chuoni. Andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, bila majina, uonyeshe kwa mfano wastani wa bei ya tenga kwa taslimu na kwa kauli, kisha uupeleke kwa wauzaji wa masoko yote mawili kabla hujafunga ripoti. Wao ndio watakaokuonyesha pale ulipokosea.